Watazamaji Wamebaki, Pesa Imehama

Malalamiko ya wenye chaneli za YouTube huja kwa sentensi mbili. Ya kwanza: "Video yangu imepigwa kopiraiti, sasa hawaisambazi tena." Ya pili: "Dola imegeuka njano, watazamaji wamekatika." Zote mbili zinachanganya hesabu mbili ambazo mtandao huo unazifanya mbalimbali: video imewafikia watu wangapi, na imeingiza pesa kiasi gani, kwa nani. Mara nyingi hesabu ya pesa huporomoka huku ya watazamaji ikiwa palepale. Mara chache huwa kinyume. Na kuna siku zote mbili hushuka pamoja kwa sababu zisizohusiana hata kidogo. Ripoti zilizomo ndani ya YouTube Studio zinaonyesha ni lipi lililotokea, lakini lazima ujue ni safu gani ya kuitazama kwanza.

Tuanze na kopiraiti, kwa kuwa watu hulitumia neno hilo kwa mambo mawili yenye uzito tofauti kabisa. Kuna straiki na kuna dai. Straiki huja pale mwenye haki anapotuma ombi rasmi la kisheria kwamba video iondolewe. Video inatoweka, chaneli inaandikiwa kosa, na straiki 3 ndani ya siku 90 zinaweza kuifuta chaneli nzima na kila kilichomo. Dai ni jambo jingine. Halihesabiwi kuwa kosa la chaneli, wala madai 10 hayageuki straiki moja, na kwa kawaida video inabaki hewani. Kinachobadilika ni nani anapata pesa ya video hiyo, na wakati mwingine nchi zipi zinaruhusiwa kuiona. Dai ndilo linalowapata wengi, na ndilo linaloacha alama za kutatanisha kwenye ripoti.

Karibu madai yote hutoka kwenye mfumo uitwao Content ID, ambao YouTube waliuanzisha mwaka 2007. Kampuni za muziki, filamu na televisheni, pamoja na wasambazaji wa nyimbo za wasanii wadogo, hupeleka humo nakala za kazi zao. Mashine huzigeuza kuwa alama za sauti na picha, kisha hulinganisha alama hizo na kila video inayopandishwa. Haiishii kwenye video mpya. Inarudi hata kwenye za zamani. Kwa hiyo video uliyoipandisha mwaka 2019 na kuisahau inaweza kupata dai leo, kwa sababu tu msambazaji fulani amepeleka wimbo ule wiki hii.

Ukubwa wa shughuli yenyewe ulionekana Desemba 2021, YouTube walipotoa ripoti yao ya kwanza ya uwazi kuhusu hakimiliki. Katika nusu ya kwanza ya mwaka huo pekee yalitolewa madai zaidi ya milioni 722, zaidi ya asilimia 99 yakiwa kazi ya mashine. Chini ya asilimia 1 yalipingwa. Kati ya hayo yaliyopingwa, asilimia 60 yaliishia kwa ushindi wa aliyepandisha video. Mtu anaweza kuzisoma namba hizo kwa namna mbili: kwamba mashine hukosea mara chache sana, au kwamba watu wengi hudaiwa wakanyamaza kwa kuogopa straiki. Mimi naamini namna zote mbili zina ukweli wake.

Mwenye haki, kazi yake ikishatambuliwa ndani ya video yako, ana njia tatu. Anaweza kuizuia video isionekane. Anaweza kuiacha na kufuatilia tu takwimu zake. Au anaweza kuiacha iendelee, matangazo yapite, na mapato yaende kwake. Tena anaweza kuchanganya njia hizo nchi kwa nchi: achukue mapato duniani kote isipokuwa nchi mbili ambako ameamua kuzuia. Wengi huchagua pesa. Ndiyo maana mwenye video hushangaa kuona tangazo likipita juu ya kazi yake wakati ripoti yake inaonyesha sifuri. Duka ni lako na wateja ni wako, ila ufunguo wa droo ya pesa umekabidhiwa mtu mwingine.

Tuchukue mfano, na namba zake nimezibuni ili hesabu iwe nyepesi kufuata. Dada mmoja wa Dar es Salaam ana chaneli ya masoko na vyakula vya mitaani. Amepandisha video ya dakika 14 kuhusu usiku wa Kariakoo. Katikati yake, kwa sekunde 40 hivi, anahojiana na muuza mishikaki, na nyuma yao kuna spika ya duka inayopiga wimbo wa bongofleva. Wiki ya kwanza video inatazamwa mara 20,000. Siyo kila kutazamwa huja na tangazo: mwingine anazuia matangazo, mwingine yuko mahali ambako kwa saa ile hakuna mtangazaji aliyenunua nafasi. Tuseme mara 10,000, yaani nusu, zilibeba tangazo. Hiyo ndiyo safu inayosomeka Estimated monetized playbacks. Watangazaji wamelipa wastani wa dola 3 kwa kila mara 1,000 za namna hiyo, jumla dola 30. YouTube wanampa mwenye chaneli asilimia 55, ambayo ni dola 16.50. Ongeza senti 50 kutoka kwa watazamaji waliolipia huduma ya Premium, wasioonyeshwa matangazo lakini ada yao ikagawiwa. Jumla dola 17.

Hapo ndipo vinapoingia vifupisho viwili vinavyowachanganya wengi. CPM ni bei anayolipa mtangazaji kwa maonyesho 1,000 ya matangazo, kabla YouTube hawajakata fungu lao. RPM ni kile kinachobaki mkononi mwako kwa kila mara 1,000 video ilipotazamwa, iwe ilibeba tangazo au haikubeba. Dola 17 gawanya kwa 20,000, zidisha kwa 1,000: RPM ya dada huyu ni senti 85 za dola.

Siku ya 8 dai linaingia. Msambazaji wa wimbo ule amechagua kuchukua mapato. Wiki ya pili video inatazamwa mara 14,000, mteremko wa kawaida kabisa kwa video inayozeeka. Mapato yake ni sifuri. Siyo sehemu ya mapato inayolingana na sekunde 40 kati ya dakika 14, ni yote. Hili huwauma watu, na nadhani wana haki ya kuumia, lakini ndivyo dai la kawaida lilivyo. Kugawana kupo kwa baadhi ya video, hasa nyimbo zilizorudiwa na waimbaji wengine pale wachapishaji wa wimbo walipokubali, na Studio huonyesha wazi video inapokuwa kwenye mpango huo.

Sasa tazama kitakachotokea dada huyu akifungua ripoti ya siku 14 kwa pamoja. Ataona video imetazamwa mara 34,000, mapato dola 17, RPM senti 50. Namba hiyo ya senti 50 inadanganya vizuri sana. Inafanana na habari kwamba watangazaji wamepunguza bei, au msimu umekuwa mbaya, na chaneli nyingi hukutana kweli na mteremko wa namna hiyo kila Januari baada ya matangazo ya sikukuu kuisha. Lakini bei haijaguswa. Akibadilisha ripoti ionyeshe siku moja moja, ataona mstari wa mapato ukienda sawa hadi siku ya 7 kisha ukakatika kama ukuta, huku mstari wa watazamaji ukiteremka taratibu bila kushtuka. Ukuta kwenye mapato bila ukuta kwenye watazamaji: hiyo ndiyo alama ya dai lililochukua pesa. Kwenye orodha ya video zake, safu ya vizuizi itakuwa imeandika Copyright, na akibonyeza hapo atatajiwa wimbo, anayedai, na dakika kamili ulipoanzia na kuishia.

Na hilo la dakika kamili linatuleta kwenye imani moja iliyoenea kutoka Mombasa hadi Mwanza, kwamba ukitumia wimbo chini ya sekunde 10, wengine husema 30, hudaiwi. Hakuna kanuni ya namna hiyo. Kilichopo ni mabadiliko ya mwaka 2019 kuhusu madai yanayowekwa kwa mkono, siyo na mashine. YouTube waliwataka wenye haki waonyeshe dakika na sekunde, kisha wakawakataza kuchukua mapato ya video kwa kipande kifupi mno cha muziki au muziki uliosikika kwa bahati, kama redio ya gari linalopita. Waliruhusiwa bado kuizuia video. Madai ya mashine, ambayo ni karibu yote, hayakuguswa na kanuni hiyo.

Dada wa Kariakoo ana njia kadhaa. Ya haraka ni kuingia kwenye kihariri cha Studio na kukata kipande kile, kukinyamazisha, au kubadilisha wimbo. Kazi ikikamilika dai huondoka lenyewe na mapato hurudi kuanzia hapo; ya siku zilizopita hayarudi. Njia ya pili ni kumtafuta anayedai na kumwomba aliachie dai. Hii hufanikiwa kuliko watu wanavyodhani pale wimbo unapokuwa wa msanii mnayefahamiana, mradi ombi lipitie kwa msambazaji wake, kwa kuwa ruhusa ya mdomo ya msanii haifiki ndani ya mashine. Njia ya tatu ni kulipinga dai.

Kupinga kuna saa yake, na saa hiyo inaamua pesa. Akipinga ndani ya siku 5 tangu dai liwekwe, mapato yote tangu siku ya kwanza ya dai yanawekwa kando mpaka mgogoro uishe, kisha hulipwa kwa mshindi. Akichelewa, yanayowekwa kando ni ya kuanzia siku aliyopinga. Kwa hiyo akikaa siku 10 akitafakari, siku hizo 10 zimeshaenda kwa mwenye dai hata kama baadaye atashinda. Anayedai ana siku 30 za kujibu. Asipojibu, dai linaanguka. Akilikazia, unaweza kukata rufaa, naye atakuwa na siku 7; hapo anaweza kuachia, au kutuma ombi la kisheria la kuiondoa video, na ombi hilo likikubaliwa ndipo straiki inapozaliwa. Muda wote huo, pesa iliyowekwa kando haionekani kwenye ripoti zako. Mtu anayeona sifuri wakati wa mgogoro asihesabu kwamba ameshapoteza.

Sababu zinazofaa za kupinga ni chache: wewe ndiye mwenye kazi hiyo, unayo leseni, kazi haina tena ulinzi wa sheria, au matumizi yako yanaingia kwenye ruhusa maalumu ambazo sheria hutoa, kwa mfano ukosoaji. Kumtaja msanii kwenye maelezo, kununua wimbo, au kuandika "sina nia ya kukiuka hakimiliki" hakumo. Wala kusema kwamba hukupata faida.

Wanamuziki wenyewe huangukia shimo ambalo hawakulichimba. Mtayarishaji anapiga biti moja na kuikodisha kwa wasanii 20, kila mmoja kwa bei ndogo. Msanii wa kwanza anapeleka wimbo wake kwa msambazaji na kuweka alama kwamba uingie kwenye Content ID. Kuanzia hapo mashine inaamini biti ile ni mali yake peke yake, na wengine 19 wanadaiwa, akiwemo wakati mwingine aliyeitengeneza. Kanuni za YouTube zinakataza kupeleka kazi usiyo na haki zake za kipekee, lakini fomu ya msambazaji hujazwa kwa kubonyeza vibox vitatu saa sita za usiku. Ukiwa na mkataba wa kukodi biti ile, ndiyo karatasi ya kupinga nayo. Bila karatasi, ni neno lako dhidi ya mashine.

Kuna waliofanya makusudi. Huko Arizona, Marekani, wanaume wawili walijifanya wamiliki wa nyimbo zaidi ya 50,000, wakaziingiza kwenye mfumo kupitia kampuni waliyoiita MediaMuv, na kati ya 2017 na 2021 wakavuna zaidi ya dola milioni 20 za wanamuziki, wengi wao wa Kilatino. Walishtakiwa mwaka 2021 na kuhukumiwa vifungo mwaka 2023. Ulaji ule haukuziondoa video hewani wala haukushusha watazamaji. Ndiyo sababu uliweza kudumu miaka.

Dola ya njano

Alama ya njano ni habari nyingine kabisa, na chanzo chake ni hasira ya watangazaji. Mapema mwaka 2017 gazeti la The Times la London lilionyesha matangazo ya kampuni kubwa yakipita kwenye video za watu wenye msimamo mkali. Kampuni zikaanza kujitoa. YouTube wakajibu kwa kupanga video kwa kadiri zinavyowafaa watangazaji, na mwaka huohuo alama ya dola ya njano ikaanza kuonekana mbele ya video. Kijani maana yake karibu watangazaji wote wanaweza kutangaza humo. Njano maana yake wengi wamejitenga: matangazo machache, au hakuna kabisa.

Kinachopimwa siyo tu yaliyomo ndani ya video. Kichwa cha habari, picha ya jalada na maelezo vinapimwa pia, na mara nyingi ndivyo vinavyoponza. Orodha ya mambo yanayohesabiwa ni ndefu: matusi, damu na majeraha, ngono, dawa za kulevya, silaha, misiba na matukio nyeti, mada zenye mabishano. Habari na elimu hupewa nafasi pana zaidi, lakini siyo isiyo na mipaka. Aliyepandisha picha za Nairobi za 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia bungeni, angeweza kueleza mswada wa fedha kwa dakika 20 na kubaki kijani. Akiweka majeruhi wakivuja damu mwanzoni na kwenye jalada, anaingia kwenye kipengele cha vurugu hata kama ni mwandishi wa habari. Kanuni zenyewe hazitulii. Novemba 2022 YouTube walibana sana matusi yanayosikika katika sekunde za mwanzo, na Machi 2023 wakalegeza baada ya kelele za watayarishaji. Video iliyokuwa njano mwaka ule huenda leo ikapita.

Njano inaacha alama gani kwenye ripoti? Tumrudie dada wa Kariakoo na video yake ya pili, safari hii kuhusu pombe ya kienyeji, jalada likionyesha mtu amelala barabarani. Imepewa njano tangu saa ya kwanza. Siku 3 za mwanzo inatazamwa mara 13,000, lakini zilizobeba tangazo ni 1,300 tu, wakati kwenye video ya kijani zingekuwa 6,500. Watangazaji waliobaki wanalipa kidogo pungufu, tuseme dola 2.50 badala ya 3. Jumla dola 3.25, fungu lake ni kama dola 1.80, na senti 30 za Premium, ambazo njano haizigusi. RPM yake ni senti 16.

Tofauti na dai iko wazi. Kwenye dai, mapato ya video ni sifuri kamili, hata yale ya Premium, kwa kuwa yote yamehamia kwa mwingine. Kwenye njano, mapato yapo lakini yamekonda, na kilichokonda zaidi ni idadi ya kutazamwa kulikobeba tangazo, siyo bei ya tangazo. Ukiona bei imeshuka kwa theluthi au nusu huku idadi ya kutazamwa kulikobeba tangazo ikiwa ileile, usitafute njano; angalia nchi wanakotoka watazamaji. Video iliyohama kutoka kwa Waswahili wa Minnesota na London kwenda kwa watazamaji wa Dodoma itateremka bei bila kosa lolote, kwa sababu watangazaji wa kule hulipa zaidi.

Njano ina dawa yake: kuomba mtu aitazame badala ya mashine. Maamuzi ya binadamu ndiyo ya mwisho, kwa hiyo ni busara kurekebisha jalada na kichwa kabla ya kuomba. Dada yetu anabadilisha jalada, anaomba, na siku ya 4 dola inageuka kijani. Siku zilizobaki za wiki video inatazamwa mara 7,000 kwa RPM ya kawaida ya senti 85, karibu dola 6. Wiki nzima amepata dola 8 badala ya 17. Hakuna anayemlipa zile 9, kwa sababu matangazo ambayo hayakuonyeshwa hayakulipiwa na mtu. Katika hili njano ni mbaya kuliko dai lililopingwa kwa wakati. Dai lina pesa iliyowekwa kando, lakini njano haina kitu cha kurudisha. Kwa chaneli ya habari, ambayo video yake huishi siku mbili, kushinda siku ya 4 ni sawa na kushinda kesi baada ya mnada.

Tangu Machi 2021 kuna hatua ya ukaguzi wakati wa kupandisha video, inayopima hakimiliki na kufaa kwa matangazo kabla hujaitangaza kwa umma. Iache video ikiwa ya faragha mpaka ukaguzi uishe, na kama ni njano, omba kupitiwa ukiwa bado hujaifungua. Ukaguzi huo hautoi dhamana, maana dai la mkono linaweza kuja baadaye, lakini unaziokoa zile siku tatu za mwanzo.

Je, njano inawakimbiza watazamaji?

YouTube wanasema mfumo wa kupendekeza video hautazami kama video inaingiza pesa au la. Watayarishaji wengi hawaamini, na wana mifano ya video zilizogeuka njano na kufa siku hiyohiyo. Ninachoona mimi kwenye mifano hiyo ni kwamba mambo mawili yana mzazi mmoja. Picha ya damu inayowafukuza watangazaji ndiyo hiyohiyo inayoweza kuifanya video iwekewe kikomo cha umri, na kikomo cha umri hubana kweli: asiyeingia kwa akaunti yake haioni, aliye chini ya miaka 18 haioni, na haipiti sehemu kadhaa za mtandao. Basi kabla ya kuilaumu dola, angalia safu ya vizuizi kama umri umeandikwa humo.

Kama haumo, fungua ripoti ya namna video inavyowafikia watu na utazame safu ya Impressions, yaani mara ngapi jalada lilionyeshwa kwa watu. Jalada likiwa linaonyeshwa kama kawaida lakini watu hawabonyezi, tatizo ni jalada au kichwa. Maonyesho yakipungua pole kwa pole siku baada ya siku, huo ni uzee wa kawaida wa video. Yakianguka ghafla katika nchi moja tu huku kwingine yakiendelea, hapo umefika kwenye jambo ambalo ndilo hasa hupunguza watazamaji: dai lenye kuzuia. Ripoti ya nchi ndiyo shahidi. Tuseme asilimia 15 ya watazamaji wa video ya taarabu walitoka Oman, na kuanzia Jumatano Oman ni sifuri. Hakuna mfumo wa mapendekezo unaofanya hivyo. Kuna mwenye haki aliyeifunga nchi hiyo, na ukibonyeza maelezo ya dai utaikuta imetajwa.

Video fupi zina ukali wake. Oktoba 2024 YouTube waliporefusha Shorts kutoka dakika 1 hadi 3, waliweka sharti kwamba Shorts inayozidi dakika 1 na yenye dai la Content ID inazuiwa duniani kote, hata kama mwenye haki angeridhika na mapato tu. Sekunde 62 na wimbo wa spika ya jirani, na watazamaji ni sifuri. Hapa malalamiko ya kwamba "imepigwa kopiraiti haisambai" ni sahihi kabisa, na dawa ni kukata sekunde chache au kuondoa wimbo.

Jambo la mwisho linahusu kalenda. Mapato unayoyaona kwenye Studio ni makadirio, na YouTube huyarekebisha baadaye kwa sababu ya mibonyezo batili, madai ya hakimiliki na baadhi ya mipango ya matangazo. Kiasi kamili cha mwezi huingia kwenye akaunti ya AdSense kati ya tarehe 7 na 12 ya mwezi unaofuata, na salio likifika dola 100 malipo hutoka kati ya tarehe 21 na 26. Kwa hiyo video ya Kariakoo iliyoonyesha dola 17 tarehe 28 inaweza kuandikwa 16 wiki mbili baadaye bila mtu kumwibia. Anayepanga kumlipa mpiga picha wake kwa pesa ya mwezi huu asubiri namba ya AdSense, na aandike pembeni tarehe ya kila dai lililoingia, ili tofauti ikitokea ajue ni dai gani la kufungua kwanza.